Wastani wa 4 katika dodoso la wagonjwa wa nje hautoshi

Nimeletewa tena ripoti ya kuridhika kwa wagonjwa yenye sentensi moja tu: wastani ni 4 kati ya 5, kwa hiyo huduma ni nzuri. Hesabu ni sahihi, ila hitimisho halifuati.

Tuchukue dodoso 40 zilizojazwa katika kliniki ya wagonjwa wa nje hapa Pemba, na swali moja kuhusu muda wa kusubiri kwenye dirisha la dawa. Tuseme 26 wametoa 5, wanne wametoa 4, wawili wametoa 3, na wanane wametoa 1. Jumla ni 160, na wastani ni 4. Lau wote 40 wangetoa 4, wastani ungekuwa huohuo, ingawa katika hali ya kwanza mtu mmoja kati ya kila watano ameondoka amekasirika na katika ya pili hakuna hata mmoja.

Kwa sababu hiyo nawaomba wauguzi waache wastani na wahesabu waliotoa 1 au 2 kwa kila swali. Maswali sita yanatosha. Karani anapiga mistari kwenye karatasi moja, asubuhi na mchana kila moja na safu yake, na kazi inamalizika kabla ya kufunga kliniki. Iwapo saba kati ya wale wanane walihudumiwa asubuhi, mganga mkuu anajua pa kuanzia kuuliza. Swali lililoachwa wazi lisihesabiwe kuwa 3. Liondolewe, na kigawanyo kipungue.

Hata hivyo, wanane kati ya 40 ni asilimia 20 ambayo, kwa sampuli ndogo kama hii, inaweza kumaanisha kiwango halisi cha takriban asilimia 8 hadi 32. Wiki ijayo wakiwa watano, tusitangaze kwamba huduma imeboreka.

Linalonisumbua zaidi ni nani anayeuliza. Muuguzi aliyemdunga mama sindano akimuuliza, "Mama, umeridhika?", atajibiwa, "Alhamdulillahi, mwanangu," na muuguzi ataandika 5. Mama amejibu kwa adabu. Swali ndilo lililokosewa. Aulize mtu asiyevaa sare, nje ya mlango wa kutokea, na aulize lililotendeka: "Umeelezwa dawa hii unywe mara ngapi kwa siku?" Anayejibu hapana hajisikii kwamba amemvunjia mtu heshima.

Bado nina shaka ambayo dodoso lenyewe haliwezi kuiondoa, nayo ni kwamba waliochoka kusubiri wakarudi nyumbani hawafiki kwenye mlango huo. Kwa hiyo kando ya matokeo naandika idadi ya walioandikishwa mapokezi ambao majina yao hayamo katika daftari la daktari siku ile.