"Nyaraka zote nilikutumia": nini hasa kinaushika mzigo wako bandarini Mtwara

Juzi tena simu imeita saa kumi na mbili asubuhi. Ni mteja wa Newala, ameagiza kontena la mashine za kupulizia mikorosho kutoka China. "Kaka, nyaraka zote nilikutumia WhatsApp. Kwa nini TRA wameushika mzigo wangu?" Mimi wakala wa forodha nimeshachoka kulisikia swali hili, kwa sababu TRA hawakuwa wameushika. Kodi ilikuwa imelipwa na forodha walikuwa wameshauachia. Aliyekataa ni wakala wa meli, na kilichokosekana kilikuwa ni bili yenyewe ya mzigo, ile hati ya kampuni ya meli inayompa mtu haki ya kuuchukua.

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni hii, kwamba picha ya bili ya mzigo ndiyo bili. Picha inanitosha kuandaa TANSAD, yaani tamko la forodha, na kukadiria kodi. Kuchukulia mzigo haitoshi, maana kampuni ya meli inamkabidhi mzigo mwenye bili halisi, si mwenye picha. Kwa kawaida bili halisi hutolewa tatu, na moja ikishasalimishwa kwa wakala wa meli, mbili zilizobaki hazina kazi tena. Bila hiyo moja, delivari oda, yaani kibali cha wakala wa meli cha kuutoa mzigo, haitoki, na bila delivari oda bandari hawafungui geti hata ukiwa na risiti ya kodi mkononi.

Mteja wangu alilipa asilimia 30 kiwandani. Asilimia 70 aliibakiza akitegemea kulipa mzigo ukifika. Muuzaji naye akampigia picha bili, akamtumia, na zile halisi tatu akazifungia kabatini kwake. Kwa upande wake hajakosea, ile karatasi ndiyo dhamana yake. Mteja akaiona picha ina jina lake na namba ya kontena, akaamini kazi imekwisha.

Nilimwambia aikuze ile picha kwenye simu. Pembeni imeandikwa COPY NON-NEGOTIABLE. Chini kuna kisanduku cha idadi ya bili halisi zilizotolewa, nacho kinasema THREE. Maana yake kuna karatasi tatu mahali fulani duniani, na kama huna hata moja, mzigo bado haujafika mikononi mwako. Angalia pia jina la mpokeaji. Ikiwa pameandikwa TO ORDER, hata bili halisi lazima iwe imesainiwa kwa nyuma na anayeihamisha.

Dawa yake haikuwa kwenda kumsihi ofisa yeyote hapa Mtwara. Alimalizia deni, akamwomba muuzaji kwa maandishi asalimishe bili tatu kwa kampuni ya meli kulekule China. Kampuni ikatuma teleksi rilizi, yaani ujumbe wa kuuachia mzigo bila bili halisi, kwa wakala wake wa huku, na delivari oda ikatoka bila karatasi kusafirishwa. Ushauri wangu ni kukubaliana jambo hili na muuzaji kabla meli haijatia nanga: nani anashika bili, na anaiachia lini.

Mnapoulizia mzigo, msiniulize "umekwama wapi?" Niulizeni kwa mpangilio: manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, imeingia? TANSAD ni namba ngapi? Forodha wameachia? Delivari oda imetoka? Hapana ya kwanza mtakayoisikia ndipo mzigo ulipo. Kama forodha wameweka hoja kwenye mfumo, dai usomewe ilivyoandikwa, neno kwa neno, na wakala asiyetaka kukusomea mtilie shaka.

Wengine huniambia cheti cha ubora cha TBS tutakitafuta mzigo ukishafika. Cheti kile hutolewa nchi ya kutokea, kabla ya kupakia. Ukifika bila hicho, TBS wataukagua hapa, kwa gharama na siku zako.

Wengine wananiletea profoma, ile nukuu ya bei ya kabla ya mauzo, wakidhani ni invoisi, kisha wananibembeleza nishushe kidogo bei ya mzigo ninayotamka forodha. Sifanyi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inanihesabu wakala kama mwenye mzigo, na kodi pungufu naweza kudaiwa mimi binafsi.

Na storeji si dimareji. Storeji ni ya bandari kwa nafasi unayoikalia. Dimareji ni ya kampuni ya meli kwa kuchelewa na kontena lake, na hesabu yake haisimami eti kwa sababu unabishana na muuzaji. Mteja wa Newala alilipa zote mbili. Mashine zilipopanda lori, majirani zake walikuwa wameshaanza kupulizia.