Bulioni ni nini, na kwa nini waridi lako linavimba badala ya kulala

Bulioni ni fundo refu la kudarizi, yaani uzi unauzungusha kwenye sindano mara nyingi halafu unaivuta sindano ipite katikati ya ile mizunguko, kinachobaki juu ya kitambaa ni kama kinyoo kidogo kimelala. Ukipanga vinyoo hivyo vikazungukana unapata ule mshono wa rozi mnaouona kwenye foronya na vitambaa vya makochi.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Tokeza sindano pointi A, ichomeke pointi B, halafu ncha itokee tena palepale A lakini usiivute, iache imekaa nusu ndani nusu nje. Sasa chukua ule uzi uliotokea A uzungushe kwenye ncha. Ukitosha, bana mizunguko kwa dole gumba, vuta sindano polepole, uzi ukikaribia kuisha urudishe kuelekea B na fundo litajilaza lenyewe, kisha choma B umalize. Mpaka hapo kila mtu anaweza, balaa liko kwenye mizunguko.

Umbali wa A hadi B ni kitanda, mizunguko ndiyo anayelala. Akiwa sawa na kitanda, fundo linanyooka na kulala flati. Akiwa mfupi, mizunguko inaachana na uzi wa ndani unaonekana. Akiwa mrefu kuliko kitanda hana pa kwenda, anajikunja, na hiyo ndiyo kona tunayoitaka kwenye petali. Kwa hiyo huhitaji kuhesabu kwa formula, kabla ya kuvuta isogeze tu mizunguko ikae pamoja kwenye sindano uilinganishe na ule umbali kwa macho.

Waridi langu la mwisho nilitumia nyuzi tatu kati ya zile sita za uzi wa pamba. Katikati niliweka bulioni tatu za rangi iliyokolea zimelala sambamba, kila moja milimita 4 na mizunguko 7, hizo hazikunjwi. Raundi ya pili kitanda milimita 5, mizunguko 9 ingetosha kulala flati ila niliweka 12, hapo kila petali ikajipinda na kukumbatia katikati, na kila mpya inaanzia pembeni ya ile iliyotangulia, kwa nje kidogo, ili ncha zifunikane. Raundi ya nje rangi nyepesi, milimita 7, mizunguko 16. Uzi wako ukiwa mnene au mwembamba namba zitabadilika, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni ya kitambaa. Nikawa mroho, petali moja nikaipa 20, ikasimama kama daraja, ukiisugua inayumba, ikabidi niikate maana bulioni haifumuki kirahisi, ukijaribu kuirudisha sindano nyuma unachanganya uzi wote.

Sasa mkazo. Wengi tunazungusha kwa nguvu tukidhani fundo litakuwa nadhifu, halafu sindano inagoma kupita na tunaanza kuivuta kwa meno (msicheke, nimeshafanya). Mizunguko ibane sindano kidogo tu, ukiisukuma kwa kucha isogee bila kubishana, na kila mmoja ukae pembeni ya mwenzake usipande juu. Ikiwa mmoja umepanda mwingine, fundo litakuwa na kivimbe hapo na hakuna kitakachokiondoa. Angalia pia upande unaozungushia, ukiona uzi unafunguka nyuzi zinaachana, zungusha upande wa pili.

Sindano nayo ina lawama. Zile za kudarizi za kawaida kwenye tundu zimetanuka, ukifika hapo zinakwama na kuvuruga kila kitu. Tafuta ndefu ambayo tunduni unene wake ni uleule wa mwili wake, hapo mizunguko inateleza. Na kitambaa kwenye ringi kisikazwe kama ngoma, kilegee kidogo ili sindano iweze kuchota A na B kwa pamoja.

Fundo likishalala usiliache hivihivi. Pitisha mwili wa sindano chini yake, kati ya fundo na kitambaa, uisogeze mbele na nyuma mara mbili tatu huku umeshika uzi umekaza, ile mizunguko iliyorundikana upande mmoja itagawanyika. Hapo ndipo choma B. Kama petali imejikunja upande usiotakiwa, isukume kwa ncha ya sindano hadi ikae unapotaka, halafu weka kijishono kimoja katikati yake, kiingie kati ya mizunguko miwili kisionekane. Mimi kwenye foronya naweka kila petali ya nje, kwa sababu kichwa kinasugua usiku kucha na zile zilizojikunja sana ndizo zinazoanza kunasa.