Jicho jekundu linalokuamsha saa tisa usiku

Mgonjwa akikaa mbele yangu na jicho jekundu, namuuliza kwanza analalaje, habari ya lini limeanza inafuata baadaye. Hapa Dar es Salaam, tangu mlipuko wa macho mekundu wa Januari 2024, jicho likibadilika rangi kidogo tu mtaa mzima unakuwa daktari: ni ile ile, osha kwa maji safi, usishikane mikono na watu, itapita. Mara nyingi wanasema kweli. Macho mekundu ya virusi huwasha, hutoa tongotongo na machozi, hurukia jicho la pili na kisha watoto wa nyumba ile. Lakini mtu anayelala vizuri, halafu saa nane au tisa usiku jicho linamwamsha kwa maumivu ya ndani yanayotoboa kama keekee, huyo hana macho mekundu ya mtaani.

Ukuta wa jicho una tabaka tatu zinazotuhusu leo. Juu kabisa kuna konjaktiva, utando mwembamba unaopitisha mwanga. Chini yake kuna episklera, tabaka jembamba lenye mishipa mingi ya damu. Chini ya hiyo kuna sklera, ule weupe wenyewe, ukuta mgumu unaolipa jicho umbo lake. Unene wake ni kama milimita 1 kwa nyuma, na hushuka mpaka milimita 0.3 karibu na pale misuli ya kuzungusha jicho inaposhika. Uvimbe ukikaa kwenye episklera tunauita episkleraitisi, na ukishuka kwenye sklera ni skleraitisi. Ni hatua fupi sana kutoka tabaka moja hadi jingine, lakini wa kwanza nampa maji ya macho na kumrudisha nyumbani, wa pili huenda nikamfuatilia kwa miaka.

Episkleraitisi haina mengi. Jicho linakuwa jekundu ghafla, mara nyingi upande mmoja tu, linakera kama lina mchanga, lakini mtu anaona vizuri na analala. Hupungua lenyewe ndani ya wiki moja mpaka tatu. Natoa machozi ya bandia, kitambaa cha maji baridi, na kama linasumbua sana, ibuprofeni kwa siku chache kwa asiye na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Linaweza kurudi, na likirudirudi ndipo naanza kuuliza habari za viungo na tumbo. Mara ya kwanza simgharimu mtu vipimo.

Skleraitisi nieleze kupitia mgonjwa mmoja, ambaye mambo yake madogo nimeyabadilisha asijulikane. Ni mama wa miaka hamsini na ushee, fundi cherehani wa Tandika. Jicho la kulia lilimuuma kwa wiki kadhaa. Alianza na dawa ya matone ya kloramfenikoli kutoka duka la dawa, haikusaidia. Akapewa matone mengine yenye deksamethasoni, ambayo ni steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, wekundu ukapungua kidogo lakini maumivu yakabaki pale pale. Maumivu yakapanda kwenye nyusi, yakashuka kwenye taya, na hapo katikati akang'olewa jino.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa amefumba lile jicho. "Daktari," akaniambia, "mchana navumilia. Usiku ndiyo linanifukuza kitandani."

Taya lake lilikuwa na sababu. Neva zinazobeba maumivu ya sklera ni matawi ya neva ile ile kubwa ya uso inayohudumia nyusi, kipaji, taya na meno, kwa hiyo ubongo hukosa pa kuyaweka maumivu. Misuli ya jicho nayo imeshika kwenye sklera, ndiyo maana kila anapotazama pembeni anakunja uso. Kuhusu usiku, yeye alikuwa na sababu ya ziada: kwa miaka alikuwa akimeza diklofenaki jioni kwa ajili ya vidole, na kufikia usiku wa manane nguvu yake ilikuwa imekwisha.

Kabla sijamweka kwenye mashine ya kukagulia jicho nilimsimamisha dirishani. Mwanga mkali wa mashine huficha rangi ninayoitafuta, na mwanga wa jua huionyesha. Episkleraitisi ni nyekundu ya kung'aa. Skleraitisi ina wekundu uliozama, wenye zambarau au bluu kwa chini. Kwa watu wetu hapa kuna mtego mmoja: wengi tuna madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho tangu zamani, kwa hiyo siamini rangi ya jicho moja mpaka nimelilinganisha na jicho la pili. La kwake la kushoto lilikuwa na kahawia ya kawaida. La kulia lilikuwa na zambarau upande wote wa juu, na nilipogusa kope kwa ncha ya kidole alirudisha kichwa nyuma.

Kisha nikaweka tone la fenilefrini. Dawa hii hubana mishipa ya juu. Unasubiri dakika 10 mpaka 15, unatazama tena. Wekundu ukififia, tatizo huwa liko juu, na ukibaki, liko chini mahali dawa haifiki. Kuna ya asilimia 10 ambayo hufanya kazi kwa nguvu zaidi, lakini inaweza kupandisha presha, na mama huyu alikuwa na presha, hivyo nilitumia ya asilimia 2.5 na kutazama kwa subira. Mishipa ya juu ilipauka, ile ya chini ikabaki imejaa damu. Nikaigusa kwa pamba yenye kijiti baada ya dawa ya ganzi. Mishipa ya episklera husogea ukiisukuma, hii haikusogea. Hakukuwa na sehemu iliyokufa wala iliyokonda, na nilishukuru, kwa sababu skleraitisi inayoozesha ukuta ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Wakati tunasubiri dawa ifanye kazi niliangalia mikono yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba mikono yote miwili, na alipoulizwa alisema asubuhi vidole vinakuwa vigumu zaidi ya saa nzima, mkasi anaushika kwa mikono miwili. Yeye alidhani ni maji baridi na umri. Tunaposema baridi yabisi mtaani tunachanganya mambo mengi, ila hii ilikuwa ile yenyewe, ambayo kinga ya mwili inashambulia utando wa viungo. Sklera na viungo vina jambo moja linalofanana: vyote vimejengwa kwa kolajeni, na kinga iliyopotea njia huleta chembe na vimeng'enya vinavyokula kolajeni hiyo. Kwa ujumla karibu nusu ya wenye skleraitisi wana ugonjwa wa mwili mzima nyuma yake, na baridi yabisi ndiyo inayoongoza.

Kwa hiyo vipimo vya jicho lake vilitoka kwenye damu, mkojo na kifua. Vya baridi yabisi vilirudi chanya, vyote viwili tulivyopima, na kiwango cha uvimbe mwilini kilikuwa juu. Mkojo ulikuwa safi. Kijiti cha kupima mkojo ni kipimo cha bei nafuu lakini sikiachi, kwa sababu damu au protini kwenye mkojo wa mwenye skleraitisi inaweza kumaanisha vaskulaitisi, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaokula figo na mapafu kimyakimya. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi ana historia ya pua kuziba na kutoka damu, naye hahitaji daktari wa macho peke yake.

Halafu yakaja yale ambayo katika nchi yetu hayarukwi: kifua kikuu, kaswende, VVU, homa ya ini ya aina B, na sukari. Kifua kikuu na kaswende vyenyewe vinaweza kuleta skleraitisi, na ukimpa mtu wa hivyo dozi kubwa ya prednisoloni, steroidi ya vidonge inayozima kinga ya mwili, unapunguza maumivu kwa siku chache huku unaulisha ugonjwa. Minyoo ya strongiloidi nayo huweza kusambaa mwilini chini ya dawa hizo, kwa hiyo tuliitibu mapema. Picha ya kifua ilikuwa safi, vipimo vingine hasi.

Matone nikayasimamisha. Hayafiki chini kwa kiasi cha kutosha, na ya steroidi yakitumika kiholela hupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kwa kawaida skleraitisi isiyooza huanza na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni au indomethasini kwa dozi kamili. Kwake mlango huo ulishafungwa, kwani diklofenaki ya miaka mingi ilikuwa imemchoma tumbo. Tukaanza prednisoloni, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila asubuhi baada ya chai, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Siku ya nne alipiga simu kusema amelala mpaka adhana ya alfajiri. Wekundu ulichukua wiki zaidi kuondoka, na hilo nilikuwa nimemwonya: maumivu hutangulia kupungua, rangi hufuata.

Prednisoloni haikai kwa dozi hiyo. Inashushwa taratibu, na ili iweze kushuka bila jicho kuwaka tena inahitaji mwenzake. Daktari wa viungo alimwanzishia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu zake. Inamezwa mara moja kwa wiki. Narudia hili hata kwa wahudumu wenzangu, kwa sababu vidonge vyake ni vidogo vya miligramu 2.5 na mtu aliyezoea dawa za kila siku akivimeza kila siku anaweza kufa kwa kuharibika uboho. Tukachagua Jumapili, vidonge vinne, na asidi foliki siku nyingine. Damu na ini hupimwa kila baada ya wiki chache mwanzoni. Angekuwa bado katika umri wa kuzaa tungezungumza kwanza habari ya uzazi wa mpango, maana dawa hii huharibu mimba.

Maumivu ya usiku ni dalili nzuri ya kuitambua skleraitisi lakini yana mipaka miwili. Uvimbe ukikaa nyuma ya jicho, kwa mbele jicho linaweza kuwa jeupe kabisa huku mtu anaumwa na kuona kunafifia. Hapo kipimo cha mawimbi ya sauti ndicho kinachoonyesha ukuta ulionenepa na maji nyuma yake. Mpaka wa pili unawahusu hasa kina mama wenye baridi yabisi ya miaka mingi. Kwao sklera inaweza kukonda polepole bila maumivu na bila wekundu, mpaka rangi nyeusi ya bluu ya tabaka la ndani ikaanza kuonekana kupitia ukuta. Mwenyewe hasikii kitu, mara nyingi ni mtoto au mjukuu anayesema bibi una doa jeusi kwenye jicho. Doa hilo halipaswi kusuguliwa wala kuchomwa sindano ya steroidi juu yake. Ukuta wa namna hiyo ni nadra kupasuka wenyewe, lakini kiwiko kwenye daladala iliyojaa kinaweza kuupasua, kwa hiyo mgonjwa anapewa miwani ya kinga ya kuvaa kila anapotoka, wakati dawa za viungo zinapitiwa upya.