Video Halisi, Maelezo ya Uongo

Nimechoka kujibiwa kwamba "video hii haijatengenezwa, kwa hiyo ni ya kweli." Nafundisha waandishi wa habari uhakiki wa taarifa hapa Mbeya, na kila msimu wa kampeni sentensi hiyo hunifikia kutoka kwa watu wazima, wasomi, wenye akili timamu. Wanatafuta dalili za picha kuungwaungwa, wanazikosa, kisha wanalala usingizi. Mpotoshaji wa siasa hana sababu ya kukesha akihariri video wakati anaweza kuchukua ya zamani, ambayo kila kitu ndani yake ni halisi, na kuiandikia juu yake neno moja tu: "Jana."

Chukua klipu iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mwaka 2020, ikidaiwa kuonyesha umati uliomfuata mgombea mmoja katika viwanja vya Ruanda Nzovwe hapa Mbeya siku iliyotangulia. Aliyeniletea alikuwa na ushahidi ambao kwake ulimaliza ubishi, nao ni jina la faili:

```
VID-20200913-WA0012.mp4
```

"Si unaona, tarehe 13 Septemba!" Ndugu msomaji, tarehe hiyo haielezi video ilirekodiwa lini. WhatsApp kwenye simu za Android hulipa faili jina jipya linapopita humo, na tarehe inayoandikwa ni ya siku faili lilipotumwa au kupokelewa. Nikikutumia leo picha ya harusi ya mwaka 1998, simu yako itaibandika tarehe ya leo. Zaidi ya hapo, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana na kuondoa taarifa za kamera zilizokuwa zimefichwa ndani yake, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta humo.

Tulichoanza nacho ni macho. Watu walikuwa wameshika miavuli, na chini palikuwa na tope. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Septemba kwetu ni vumbi. Hata hivyo, hiyo ni sababu ya kushuku, haitoshi kutoa hukumu. Nimewahi kuona mhakiki wa mbali akikataa picha ya Iringa eti mahindi mabichi hayawezi kuwepo mwezi huo, kumbe yalikuwa ya kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu hata kiangazi, na mtu wa Tukuyu atakucheka ukimwambia kwamba nje ya msimu hakunyeshi. Tope lilituambia tuendelee kuchimba, basi.

Tulisimamisha video mahali ambapo bango lilionekana vizuri, tukapiga picha ya skrini na kuitafuta kwa Google Lens. Fremu nzima haikuleta kitu. Tulipokata tukabaki na bango peke yake, ilitokea klipu ileile kwenye YouTube, ndefu zaidi, iliyopakiwa Februari 2018. Hapo hoja ya "jana" ilikufa, maana tukio haliwezi kutokea baada ya video yake kupakiwa. Angalia mantiki hiyo vizuri, kwa kuwa inafanya kazi upande mmoja tu: tarehe ya kupakiwa inakupa ukomo wa mwisho, haikupi siku ya tukio, ambalo linaweza kuwa la miaka mingi nyuma. Pia si kila mtandao unaaminika sawa, kwani kurasa za Facebook zimeruhusiwa kurudisha nyuma tarehe ya chapisho.

Na kama utafutaji haukuleta chochote? Watu husema, "Basi ni mpya." Hapana. Video nyingi huishi ndani ya WhatsApp pekee, ambako Google haifiki, na nyingine hugeuzwa kulia kuwa kushoto ili mashine isizitambue. Ukikosa, umekosa, dai linabaki halijathibitishwa, nawe huna wajibu wa kulisambaza.

Hukumu yetu ilikuwa fupi: video ni halisi, maelezo ni ya uongo, si ya Septemba 2020. Mahali ilikorekodiwa hatukuweza kupathibitisha, na tuliandika hivyo, ingawa wafuasi wa pande zote mbili walituona waoga. Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya lawama hizo. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo hakuna mhakiki anayeweza kuona klipu imefika makundi gani ili aifuate huko na sahihisho lake. Alama ya kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi husaidia kidogo, lakini hupotea mtu akilipakua faili na kulituma upya. Ndiyo maana yule kijana aliyeniletea klipu nilimwomba arudi kwenye kundi lilelile la ukoo, aijibu klipu yenyewe, aweke kiungo cha YouTube na kuonyesha tarehe, bila kumwita mjomba wake mwongo.