Kuongeza ukubwa wa septiki hakutibu ardhi isiyonyonya

Kila ninapoitwa kwenye nyumba ambayo choo kinarudisha maji, mwenye nyumba huwa ameshatoa uamuzi: "Fundi, septiki imejaa, nataka unijengee kubwa zaidi." Nimeisikia kauli hii mara nyingi kupita kiasi, na safari hii nataka niijibu kwa maandishi.

Tangi la septiki hujaa siku za mwanzo tu za kutumika, na hukaa limejaa maisha yake yote. Ndivyo lilivyokusudiwa. Likiingia lita moja kutoka chooni, hutoka lita moja upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonya. Kazi ya tangi ni kutuliza maji ili tope lizame chini, mafuta yaelee juu, na maji ya katikati yaondoke yakiwa na uchafu mchache. Kazi ya kuyapoteza maji hayo ni ya ardhi. Kwa hiyo maji yanaporudi ndani, mara nyingi kilichoshindwa ni shimo la kunyonya, na tangi jipya lenye ukubwa mara tatu litakupa nafuu hadi siku litakapojaa, kisha mtarudi palepale.

Kabla hujachimba chochote, fungua mfuniko wa upande wa kutokea na utazame usawa wa maji. Yakiwa sawa na mdomo wa chini wa bomba la kutokea, tangi liko kama linavyotakiwa. Yakiwa yamelizamisha bomba hilo, basi ama ti ya kutokea, yaani kile kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, imeziba, ama shimo la kunyonya limefika mwisho. Yakiwa chini ya bomba, tangi linavuja, na hapo una tatizo jingine. Uhakika zaidi hupatikana siku gari la majitaka linapokuja. Likishanyonya tangi, simama uangalie lile bomba la kutokea kwa tochi. Mara kadhaa nimeona maji meusi yakirudi kwa nguvu kutoka shimo la kunyonya na kumwagika ndani ya tangi lililotoka kusafishwa. Ukiona hivyo, usimwite mtu akujengee tangi.

Sasa vipimo. Nichukue familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, yaani lita 600 kwa nyumba nzima. Tangi linahitaji nafasi mbili: ya maji kutulia na ya tope kukaa. Kwa kutulia, kiwango cha chini kinachokubalika ni saa 24. Mimi kwa tangi dogo la nyumba natoa siku mbili, kwa sababu siku ya kufua maji huja kwa kishindo na kuchafua kila kilichokuwa kimetulia. Hizo ni lita 1,200. Kwa tope, makadirio yanayotumika sana ni lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Ukipanga kunyonya tope kila baada ya miaka minne, watu sita watakusanya lita 960. Jumla ni kama lita 2,160. Tangi lenye upana wa sentimita 90, urefu wa mita 2.1 na kina cha maji cha mita 1.2 linabeba lita 2,268. Acha sentimita 30 za hewa juu ya maji, weka ukuta wa kugawa ili theluthi mbili za urefu ziwe chumba cha kwanza, na bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita tano hadi saba na nusu. Ti zote mbili ziwepo, maana bila ti ya kutokea mafuta yanayoelea yatakwenda moja kwa moja kuziba ardhi. Basi. Tangi limekwisha. Wengi hushangaa kuona lilivyo dogo.

Mahali watu wanapokosea ni kwenye shimo la kunyonya, kwa sababu wanalipima kwa ujazo. "Chimba pana, libebe maji mengi." Shimo la kunyonya si ghala. Maji hutoka kupitia kuta, na hesabu yake ni ya mita za mraba za ukuta ulio chini ya bomba la kuingilia. Sakafu siihesabu kabisa, kwani tope laini huitandika na kuiziba mapema.

Tuseme udongo ni tifutifu wenye mchanga. Kwa udongo wa namna hiyo natumia lita 25 kwa kila mita ya mraba ya ukuta kwa siku. Lita 600 gawa kwa 25, unahitaji mita za mraba 24 za ukuta. Tuseme pia bomba linaingia mita 0.8 chini ya uso wa ardhi, na kwamba maji ya ardhini wakati wa mvua kubwa hupanda hadi mita tano. Nataka sakafu ya shimo ibaki angalau mita mbili juu ya maji hayo, kwa hiyo shimo haliwezi kuzidi mita tatu, na ukuta unaofanya kazi ni mita 2.2 tu.

Chimba shimo moja la kipenyo cha mita 3. Utatoa udongo wa mita za ujazo 21, na utapata ukuta wa mita za mraba 20.7. Halijatosha. Chimba badala yake mashimo matatu ya mita 1.5. Utatoa udongo wa mita za ujazo 16 na utapata ukuta wa mita za mraba 31. Umechimba kidogo, umepata zaidi, na ziada ipo. Sababu yake ni kwamba ukiongeza kipenyo mara mbili ukuta unaongezeka mara mbili, lakini udongo wa kutoa unaongezeka mara nne. Mtaro hufanya vizuri vilevile: wenye kina cha sentimita 60 za kokoto chini ya bomba hukupa mita za mraba 1.2 kwa kila mita ya urefu ukihesabu pande zote mbili, hivyo mita 20 za mtaro zinatosha, katika mistari miwili ya mita kumi, iliyoachana kama mita mbili. Pale maji ya ardhini yalipo karibu, mtaro ndio chaguo langu la kwanza.

Lile shimo pana lina hila moja. Hata ardhi isiponyonya tone, likiwa tupu lingechukua karibu wiki nne kujaa kwa familia hii. Fundi ameshalipwa, ameondoka, na kila mtu anaamini linafanya kazi.

Hiyo lita 25 imetoka wapi? Hapa lazima niseme wazi kwamba ndiyo namba dhaifu kuliko zote katika hesabu hii. Watu hufanya jaribio la kunyonya: wanachimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30 kwenye kina ambacho maji yatatokea, wanakijaza, wanakiacha usiku kucha udongo ushibe, kesho yake wanajaza tena na kupima maji yanashuka kwa kasi gani. Jaribio hili ni la lazima. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka milimita 25, achana na shimo la kunyonya hapo. Yakishuka milimita hizo kwa chini ya dakika moja, nako kuna hatari, kwa sababu majitaka yatafika kwenye maji ya ardhini kabla udongo haujayachuja.

Lakini jaribio linatumia maji safi. Majitaka huotesha utando mweusi wa vijidudu kwenye ukuta, wenye utelezi, na baada ya muda ni utando huo unaoamua kasi, si udongo peke yake. Ndiyo maana kishimo kinaweza kunywa ndoo nzima kwa nusu saa, nami bado nikakadiria lita 25 kwa mita ya mraba kwa siku nzima. Mchanga mkubwa naupa hadi 50. Mfinyanzi mzito hupata 10 au pungufu, na ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika siupi namba yoyote. Namba hizi ni makadirio ya muda mrefu, na viwanja viwili vyenye udongo unaofanana machoni vinaweza kutofautiana mara mbili. Ninapokuwa na shaka nashuka daraja moja. Na usifanye jaribio kiangazi kisha ukasahau masika. Waulize majirani wenye visima maji yao hupanda hadi wapi mwezi wa mvua nyingi.

Kuhusu mahali pa kuweka, anza na kisima, cha kwako na cha jirani. Shimo la kunyonya likae mita 30 au zaidi kutoka kisima cha maji ya kunywa, na liwe upande wa bondeni. Siipendi namba hii ichukuliwe kama kinga kamili. Kwenye mchanga laini mita 30 ni salama sana, lakini kwenye mwamba wenye nyufa majitaka husafiri mbali zaidi bila kuchujwa, na hapo hakuna umbali wa kukariri utakaokuokoa. Kutoka msingi wa nyumba, acha angalau mita tano kwa shimo la kunyonya. Tangi lisilovuja linaweza kusogea karibu zaidi. Bomba la kutoka chooni lishuke kama sentimita moja kwa kila sentimita 40 hadi 60 za urefu, na kila kona iwe na chemba.

Maji ya paa yasiingie humu hata kidogo. Mvua moja kubwa kwenye paa la mita za mraba 100 ikinyesha milimita 30 huleta lita 3,000, yaani siku tano za familia yetu kwa mara moja, na mkondo huo hubeba tope lote hadi kwenye kuta za shimo.

Halafu gari la majitaka lifike. Mipira yake mingi huishia kama mita 30, na nimeona matangi yaliyofungiwa nyuma ya nyumba, kuta pande zote, mfuniko chini ya vigae. Magari yasipite juu ya mashimo ya kunyonya wala yasiegeshwe hapo, na miti mikubwa isipandwe karibu.

Mwisho, usitumie kiwanja chote. Acha nafasi ya kuchimba seti nyingine, na kama uwezo upo, jenga zote mbili tangu mwanzo na uweke chemba ya kugawa yenye vizuizi viwili. Funga upande mmoja kwa miezi sita hadi mwaka, utumie mwingine. Ule uliofungwa ukikauka na kupata hewa, utando wake hufa na kuoza, na ukuta hurudisha sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunyonya.