Ukungu kwenye sahani ya agari usiku wa kuamkia mtihani

"Kesho asubuhi nina mtihani wa vitendo na sahani yangu ya agari ya kuoteshea bakteria imeota ukungu. Nikiukata huo ukungu, bakteria waliobaki si watakuwa safi?"

Hapana, na kuukata kunaweza kuharibu hata kile ambacho kingeokolewa. Duara unaloliona ni sehemu tu ya ukungu. Pembeni yake kuna nyuzi zilizokwisha kujipenyeza ndani ya agari, nyembamba mno kwa macho. Tena ukungu ukishapata rangi ya kijani au nyeusi, kwa kawaida huwa umezaa spora, vumbi jepesi linalopeperuka kwa pumzi tu. Ukifunua kifuniko na kuanza kuchokoa, unazimwaga spora hizo juu ya bakteria uliotaka kuwaokoa. Wengi hufikiri hivi kwa sababu nyumbani mtu hukata kipande cha mkate kilichoota na kula kilichobaki. Hata kwa mkate si busara, basi kwa agari ndiyo kabisa.

Kinachosaidia ni kutazama uchafu umeota wapi. Mwanafunzi mmoja wa diploma ya maabara hapa Mombasa alikuwa amechora bakteria wa E. koli kwenye sahani, yaani amewatandaza kwa mistari, akaiweka kwenye inkubeta, kabati la joto, usiku kucha kwa nyuzi 37, kisha ikabaki mezani siku kadhaa. Jioni ya kuamkia mtihani aliikuta na ukungu wa kijani ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, karibu na ukingo, na kidoa kimoja cha njano.

"Mzee, nimekwisha," alimwambia fundi wa maabara.

"Bado hujaisha, mwanangu. Usifunue. Ipindue tuitazame kwa chini, kwenye taa."

Kwa chini mistari huonekana wazi, na mistari ndiyo shahidi. Kuchora sahani ni kama kupaka ukuta kwa brashi uliyoichovya mara moja tu: mpigo wa kwanza ni mzito, unaofuata mwembamba, na wa mwisho huacha matone yaliyotengana. Kitanzi cha waya hufanya vivyo hivyo, ila kati ya eneo na eneo huchomwa motoni na kuachwa kipoe, kisha huburuta bakteria wachache kutoka mstari uliotangulia. Mwishoni bakteria hukaa mmojammoja, na kila mmoja huzaana mpaka awe koloni yake. Basi kilichotoka kwenye kitanzi huota juu ya mistari. Kilichoota nje ya mistari, mara nyingi kimedondoka kutoka hewani kifuniko kikiwa wazi.

Ukungu wake na kile kidoa cha njano vyote vilikuwa nje ya mistari. Siku ya kuchora, feni ilikuwa inazunguka. Nani angeizima kwa joto la Mombasa? Lakini feni huinua vumbi na kulisukuma chini ya kifuniko. Kama kidoa cha njano kingekuwa katikati ya mstari, shaka ingehamia kwenye chupa ya bakteria yenyewe, na hapo kuchora upya kutoka chupa ileile kusingemfaa kitu.

Kanuni hii ina mwanya wake, nao ni unyevu. Sahani ikitolewa kwenye friji na kukutana na hewa ya pwani, hutoa jasho. Tone likitiririka juu ya agari hubeba bakteria nje ya mistari, na hapo ramani haisomeki. Ndiyo maana sahani hukaushwa kwanza, na kwenye inkubeta hulazwa kifudifudi.

Fundi alimwonyesha koloni moja iliyojitenga, upande ulio mbali na ukungu. Feni ikazimwa, moto wa gesi ukawashwa. Mwanafunzi aliinua kifuniko upande huo tu, kiasi cha kupitisha kitanzi kilichochomwa na kupoa, akaigusa koloni ile kwa juu na kuchora sahani mpya. Hiyo ilikuwa saa mbili usiku, na mtihani ulikuwa saa nne asubuhi. Saa 14 kwa nyuzi 37 humtosha E. koli kutoa koloni ndogo zinazoonekana. Umeme ukikatika, hukua polepole zaidi.

Asubuhi koloni zilikuwa za sura moja, lakini sura pekee si ushahidi, kwani spora moja iliyodondoka jana bado haijaonekana. Alipaka chembe kwenye kioo na kuitia rangi za Gram, zinazotenganisha bakteria wa waridi na wa zambarau. Darubini ilionyesha vijiti vya waridi vitupu, na ndivyo E. koli anavyoonekana. Kama angeona na viduara vya zambarau, kuna kitu kingine kilichopanda kwenye kitanzi.

Njia hii hufaa pale mtihani unapotaka bakteria safi wa kutambua. Ukitaka kuhesabu koloni za sahani ya kwanza, haisaidii, maana ukungu umekwisha kufunika baadhi, na baadhi ya kuvu hutoa dawa inayozuia bakteria jirani kuota. Sahani ile ya kijani ilifungwa bila kufunuliwa tena na kupelekwa kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wa nyuzi 121, kabla ya kutupwa.