Ukuta mmoja, unyevu wa aina mbili

Mama mwenye nyumba hii ya Mikocheni alikuwa ameshaita mafundi bomba wawili kabla yangu, na mmoja wao alimchimbia sakafu bure. Ukuta wa sebule chini ulikuwa unabambuka rangi na kutoa unga mweupe. "Fundi, ni bomba tu hilo," akaniambia.

Nilianza na mita ya maji. Usiku tulifunga koki zote pamoja na ya tangi, nikaandika namba. Asubuhi nikaikuta ileile. Mita haikuonyeshi bomba la maji machafu, ila bafu liko upande mwingine wa nyumba. Isitoshe, bomba likivuja doa huwa na kitovu. Hapa unyevu ulikwenda sambamba na sakafu ukuta mzima, ukaishia kwenye mstari wa chumvi kama sentimita 80 juu.

Kipimo cha unyevu cha pini mbili sikukiamini, kwa sababu chumvi hupitisha umeme na kukifanya kilie hata pakavu. Nikatoboa taratibu, nikakusanya unga wa tofali kutoka ndani. Gramu 40 za karibu na sakafu zilipokaushwa kwenye oveni zikabaki 37, yaani maji asilimia 8 ya uzito mkavu. Kwenye mita 1.2, gramu 40 zilibaki 39.4. Chini kumelowa hadi ndani, juu kukavu: maji yanapanda kutoka ardhini.

Lakini juu ya kabati, karibu na dari, kulikuwa na madoa meusi ya ukungu. Nilibandika hapo karatasi ya foili, kingo zote kwa gundi. Kesho yake matone yalikuwa upande wa sebuleni, nyuma yake pakavu: haya maji yanatoka hewani, si ndani ya ukuta. Chumba cha pili kina kiyoyozi kinachopuliza ukuta huohuo usiku kucha. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, ukuta ukipoa chini ya nyuzi 26 hivi unaanza kutoa jasho.

Nje nikakuta chanzo cha unyevu wa chini. Walipoweka matofali ya uani walijaza kifusi, kikapita kimo cha ile nailoni nyeusi inayowekwa juu ya msingi kuzuia maji ya ardhini yasipande. Maji yanaizunguka na kuingilia ubavuni.

Kifusi kishushwe hadi sentimita 15 chini ya nailoni, mfereji wa kokoto upelekee maji mbali. Plasta ibanduliwe hadi sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi. Asipige saruji ya kuzuia maji, ile husukuma unyevu juu zaidi. Apige chokaa na mchanga baada ya ukuta kukauka. Tofali la inchi 6 huchukua miezi sita hivi, na hapo ndipo wengi hunikasirikia. Kwa unyevu wa juu, kiyoyozi kigeuzwe kisipulize ukuta, kabati lisogezwe.

Nimemchorea mstari wa penseli unyevu ulipoishia, na tarehe pembeni.